Tupeane uzoefu: Ulipimwaje kortisoli, na majibu yako yalisomwaje?

Kaka wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike, miaka 31, uso umevimba ukawa duara, tumboni ana michirizi ya zambarau, akijigonga kidogo tu kwenye meza ngozi inavilia damu. Presha nayo iko juu. Daktari akahisi kortisoli, ile homoni ya msongo, imezidi mwilini. Akapewa vidonge vya deksamethasoni, yaani deksa, anywe saa 5 usiku, kesho yake saa 2 asubuhi akatolewa damu. Majibu yamekuja 164 nmol/L, na daktari anasema ilitakiwa ishuke hadi 50 au chini. Nyumbani wameshaamua kuna uvimbe kichwani, wanachangishana hela ya kwenda kupiga picha Dar. Mliopitia haya, mlipimwa nini na nini kabla ya kuambiwa ndiyo au hapana?

Mnyalu wa Mafinga
Kamwene. Mimi nilipimwa mate. Unapewa kichupa chenye kipande cha pamba, unakitafuna taratibu hadi kilowe, unakirudisha bila kukigusa kwa vidole. Saa 5 usiku, siku mbili tofauti. Majibu ya kwanza yalikuwa juu nikaogopa sana. Daktari wa pili ndiye aliyeniuliza kazi yangu. Nalinda kiwanda cha mbao usiku, mchana nalala. Akasema majibu yale hayasomeki, maana kipimo kinategemea kwamba kwa mtu anayelala usiku kortisoli hushuka kabisa karibu na saa 6. Mimi saa hizo ndiyo niko macho na tochi. Akanihamishia kwenye deksa, ikashuka vizuri chini ya 50. Habari ikaishia hapo.

Wifi wa Mwanjelwa
Samahani, hiyo deksa ndiyo ile ya kunenepesha? Dukani kwetu inauzwa na cyproheptadine kwa pamoja. Mnakunywa ngapi kwa siku hadi mwili ujae? Mimi nataka mashavu kidogo tu.

Mtu wa Maabara
Dada yangu, hapana. Hayo mashavu unayoyatafuta ndiyo huyu kaka anayoyalilia. Kwenye kipimo inanywewa usiku mmoja tu, ili kuona kama mwili utatii na kupunguza kortisoli yake. Ukiinywa kila siku unajitengenezea ugonjwa wenyewe. Na kama umeshaianza kwa muda, usiiache ghafla, nenda kwa daktari akupunguzie taratibu.

Sasa kaka wa Uyole, kabla ya picha yoyote nina maswali mawili. La kwanza: alikunywa vidonge vingapi? Kipimo ni miligramu 1, na deksa nyingi za madukani kwetu ni nusu miligramu, kwa hiyo ni viwili. Watu wengi hunywa kimoja wakijua wamemaliza. La pili: anatumia vidonge vya majira?

Kaka wa Uyole
Alikunywa viwili, mimi mwenyewe nilikuwepo. Majira anatumia, ya kila siku, tangu ajifungue mtoto wa pili. Hakuna aliyemuuliza.

Mtu wa Maabara
Basi hiyo 164 iwekeni pembeni kwanza. Sijasema ni ya uongo, ila haiwezi kusimama peke yake. Vidonge vya majira vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba kortisoli kwenye damu. Mashine zetu huhesabu kortisoli yote, iliyobebwa na iliyo huru. Kwa hiyo hata kama deksa imefanya kazi yake, namba inabaki juu. Kwa kawaida kidonge kinasimamishwa wiki 6 hivi, kisha deksa inarudiwa, na hapo katikati atumie njia nyingine ya uzazi wa mpango. Asipoweza kusubiri, yapo mate na yapo mkojo. Huko inapita kortisoli iliyo huru, hivyo kidonge hakisumbui sana.

Dereva Tunduma
Naunga mkono. Mimi nilikuwa kwenye dawa za TB nilipopimwa. Deksa ikagoma kabisa kushusha. Kumbe rifampisini inaliamsha ini linaichoma deksa kabla haijafika asubuhi, ni kama sikuinywa. Nikapimwa mate usiku siku mbili, zote ziko sawa. Daktari akasema wenye dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini nao wanakumbwa na hilo hilo.

Binti Tukuyu
Mkojo ndio mwisho wa maneno. Dada yangu alikusanya, ikaja kawaida, akaambiwa hana. Ila kaka, mwambie asinywe maji mengi siku hiyo, yatazimua mkojo na kipimo kitashuka.

Mtu wa Maabara
Binti, umepatia robo. Hatusomi ukali wa mkojo, tunahesabu jumla ya siku nzima. Mfano: dumu likija na lita 1.5, na kila lita ina 120 nmol, jumla ni 180 kwa siku. Akinywa zaidi akajaza lita 2, kila lita itakuwa na 90, na jumla ni ile ile 180. Anayekunywa lita 5 na zaidi ndiye namba yake hupanda, haishuki.

Kinachoshusha kwa uongo ni kukusanya nusu. Asubuhi ya kuanza, mkojo wa kwanza unamwagwa chooni na saa inaandikwa. Baada ya hapo kila tone linaingia kwenye dumu, mchana na usiku, hadi ule wa kwanza wa kesho yake saa ile ile. Akienda sokoni akajisaidia huko, siku hiyo imeharibika. Sisi tunapima kreatinini, taka ya misuli inayotoka karibu kiasi kile kile kila siku, kwenye dumu hilo hilo, ikiwa ndogo mno kwa mwili wake tunajua kuna mkojo umepotea njiani. Figo zikiwa dhaifu napo namba hushuka. Na kukusanya mara moja hakutoshi, hufanywa mara mbili au zaidi, maana kuna wagonjwa wa hatua za mwanzo ambao mkojo wao ni wa kawaida huku mate ya usiku yameshapanda.

Mama Njombe
Jamani na mkorogo msiusahau. Mimi nilikuwa na uso huo huo na michirizi hiyo hiyo, lakini kortisoli ya asubuhi ikaja chini kabisa. Daktari akaniambia nilete mafuta yote ninayopaka. Moja lilikuwa na klobetasoli, steroidi kali inayofanya kazi kama kortisoli. Nilipaka miaka.

Mtu wa Maabara
Mama, hiyo ndiyo ya kuulizwa kwanza kabisa kabla ya vipimo vyote: mafuta, sindano za magoti, dawa za pumu, hata za kienyeji za maungio, nyingine huchanganywa na steroidi kimyakimya.

Kaka wa Uyole
Nimerudi. Mafuta hapaki zaidi ya ya mgando. Kidonge ameacha, deksa itarudiwa baadaye. Wakati tunasubiri amekusanya mkojo mara mbili, kreatinini ilikuwa sawa zote. Wa kwanza kawaida, wa pili karibu mara mbili ya kiwango cha juu. Daktari anataka na mate ya usiku mawili, halafu ndipo aamue kama anapima ACTH, homoni ya kichwani inayoamrisha kortisoli itengenezwe. Picha amekataa kwa sasa, anasema vivimbe vidogo visivyo na madhara vinaonekana kwa watu wengi tu na vitatuchanganya. Hii ya mkojo kupishana hivi inamaanisha nini?

Mtu wa Maabara
Inaweza kuwa ugonjwa unaopanda na kushuka, wapo wa namna hiyo. Inaweza pia kuwa msongo, usingizi mbovu au sukari isiyotulia, navyo husukuma namba kidogo. Kwa mbili hizo siwezi kukuambia. Ila dalili zake, hasa ngozi kuvilia damu, mimi zingenifanya niendelee kupima, nisiache.

Binti Tukuyu
Na dumu likisafirishwa kutoka huku hadi Mbeya kwa daladala haliharibiki?

Mtu wa Maabara
Liwekwe mahali pa baridi tangu tone la kwanza, lisikae juani wala karibu na injini, na lifike siku hiyo hiyo. Na liandikwe jina, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, tunapokea madumu yasiyo na hata herufi moja.