Naomba ushauri: skripti ya video ya kusomea watoto kitabu cha picha

Wakuu, habari zenu. Naandaa video ya hadithi niliyotunga, kurasa 12, ya watoto wa miaka 4 hadi 6. Ukurasa wa 5 nimeuandika hivi:

MSIMULIZI: Fisi akachungulia kisimani. Unadhani ameona nini? (kimya, sekunde 4)
(kengele, geuza ukurasa)
FISI (sauti nzito, ya kukwaruza): "Mnofu huo!" alisema Fisi.

Swali nimeliweka kabla ya kugeuza makusudi, maana ukurasa wa 6 unaonyesha mwezi majini, na mtoto akishauona hana cha kubuni. Shida ni zile sekunde 4. Mpwa wangu anazitumia vizuri, anajibu kwa sauti, ila watu wazima wanadhani video imekwama. Nipunguze, au picha isogee taratibu kuelekea kisimani?

La pili, "alisema Fisi". Sauti ikishamtambulisha Fisi, maneno hayo yanazidi. Lakini yameandikwa ukurasani, na mtoto anayefuatisha kwa kidole ataona nimeyaruka. Mnaofanya kazi hii huwa mnayasoma, au mnayafuta kitabuni kabisa?