Nguzo ina mashimo chini, juu ina utando mweupe. Nizibe kwa plasta niendelee?

Mjenga Kwake: Wakuu, sijalala. Juzi tulimwaga zege la nguzo ya mita 3. Leo tumefungua mbao, sentimita 40 za chini kokoto ziko wazi, mashimo kama sega la nyuki. Juu kuna utando mweupe, ukiukwangua kwa kucha unatoka. Vaibreta tulitumia. Kesho nataka kuziba kwa plasta nimwage boriti. Saruji ilikuwa mbovu?

Mama Wawili: Ujenzi bila kusimama mwenyewe ni kujitafutia presha. Mimi fundi alinitoroka msingi haujafika juu.

Nondo 16: Vaibreta hiyo! Mimi nashindilia kwa nondo tu, sijawahi kuona mashimo.

Mzee wa Zege: Nondo inafaa zege likiwa laini na tabaka fupi. Zege zito kwa mkono linabaki na hewa. Mleta uzi, maji mliweka kiasi gani? Na vaibreta ilikaa muda gani?

Mjenga Kwake: Maji ya kawaida.

Mzee wa Zege: Kawaida ya nani?

Mjenga Kwake: Sawa. Lilikuwa zito, nikaagiza waongeze ndoo kila mchanganyo lipite kwenye ringi. Vaibreta ilikaa dakika 3, mpaka maji yakapanda. Nilijua ndiyo linakaza, na fundi hakukataa.

Msoma Kimya: Hii ya kutunga. Zege la majimaji likitikiswa dakika 3, rojo lingejaa hadi chini. Mashimo yametoka wapi?

Mjenga Kwake: Situngi, ndugu. Tulijaza boksi lote kwanza, ndipo tukaingiza vaibreta. Ilinasa kwenye ringi, mita ya chini haikufika.

Mzee wa Zege: Sasa inaeleweka. Zege lilianguka mita 3 likigonga nondo, rojo likabaki kwenye vyuma, kokoto zikatangulia chini, na huko hakuna kilichotikiswa. Juu mlitikisa kupita kiasi: kokoto zikazama, maji yakapanda na vumbi la saruji, ndio utando huo. Mngemwaga tabaka za sentimita 40 hivi. Vaibreta inazama wima haraka, ipenye tabaka la chini sentimita 15, sekunde 5 hadi 15, mapovu yakiisha unaitoa polepole.

Plasta itaficha tu. Gonga kwa nyundo. Panapolia wazi chokoa hadi ukute zege zima. Juu kwangua utando mpaka kokoto zionekane, la sivyo boriti haitashikana na nguzo.

Mjenga Kwake: Mbao za boriti zimeshafungwa, vibarua wa kesho nimewalipa. Nikikwangua juu tu je?

Msoma Kimya: Huko chini nondo zinaonekana?

Mjenga Kwake: Mbili. Za kona.

Mzee wa Zege: Ungeanza na hilo. Kesho usimwage. Mhandisi aione kwanza, huenda ikabomolewa.

Nondo 16: Mimi bado nasema vaibreta.