Eti "huna akaunti kwetu bibi", na asubuhi hii hii mmenikata!

BibiChaki

Leo sisalimii mtu. Anayetaka kuniamkia aniamkie nikishatulia.

Hawa watu mnawajua, kwa hiyo sina haja ya kuwataja. Wale wa tangazo la ukoo mzima kujibanza kwenye kochi moja, wanacheka mpaka magego yanaonekana, hata kitoto kichanga kinacheka. Hao hao. Wameniambia mimi, mwanamke wa miaka 71, niliyefundisha hesabu mpaka chaki ikahamia mapafuni, kwamba "huna akaunti kwetu bibi."

Sina akaunti! Na saa kumi na mbili asubuhi, hata miwani sijavaa, simu imelia ting, benki inanijulisha kwamba wamekata. Saa tatu nawapigia, hawanijui. Mwizi anakuja kila mwezi tarehe ile ile, ukimdaka mkono anakuuliza, "Samahani, wewe ni nani?"

Kisa ni mjukuu wangu. Alikuja likizo, akaniambia, "Bibi, ngoja nikuwekee tamthilia kwenye simu, mwezi wa kwanza ni bure." Akachukua kadi yangu ya benki, akasoma namba za mbele, akaigeuza akasoma zile tatu za nyuma, dakika mbili kazi imekwisha. Bure gani inayotaka namba za kadi? Hilo kosa langu, nakubali.

Mwezi wa pili wakakata. Nikaikandamiza ile aplikesheni kwa kidole mpaka ikatoa neno Ondoa, nikaiondoa, nikalala usingizi wa mwenye haki. Mwezi wa tatu wakakata. Mwezi wa nne, tarehe yao ilipokaribia, nikazima simu nikaifungia kabatini siku nzima. WAKAKATA IKIWA KABATINI. Leo ni mara ya nne.

Mjukuu mwenyewe yuko mafunzoni, simu wamekusanya, ataipata mwisho wa mwezi ujao.

Sasa huyo binti wa huduma kwa wateja. Nimesikiliza kinanda chao dakika arobaini. Akapokea, sauti ya asali. "Naomba namba ya simu uliyojisajilia." Nikampa. "Haipo." "Barua pepe?" Nikampa. "Nayo haipo." Nikamuuliza, basi mnamkata nani? "Huna akaunti kwetu bibi." Na hilo "bibi" akalivuta. Bibiii. Kama anafukuza kuku mlangoni.

Nimewapa watoto wa watu sifuri nyingi tu, lakini sijawahi kumwambia mtoto hayupo darasani huku namwona amekaa.

Kibiriti77

Shikamoo bibi. Nimecheka hapo kwenye kabati mpaka bosi kageuka. Ulidhani wanaingia kuchukua kupitia skrini?

BibiChaki

Marahaba. Cheka. Wewe angalau una akaunti.

DadaPembeni

Pole sana bibi. Ila tuseme ukweli, ni tamthilia gani hiyo?

MzeeWaKona

Bibi, usihangaike na watoto wa simu. Nenda benki, waambie kadi imepotea, wakupe mpya yenye namba mpya. Wao watabaki wamekodoa na namba ya zamani. Mimi nilifanya hivyo, ikaisha.

Nusu_Nukta

Mimi nilifanya hivyo hivyo, haikuisha. Kadi mpya wiki mbili, wakakata tena.

MzeeWaKona

Basi utakuwa uliwapa mwenyewe usingizini.

FundiKimya

Bibi shikamoo. Yule binti hakukudanganya, tatizo ni kwamba alikuacha hapo. Fungua ule ujumbe wa benki wa asubuhi. Jina la aliyelipwa limeandikwaje? Nitajie herufi kwa herufi.

Mzee, kubadilisha kadi wakati mwingine kunafanya kazi, wakati mwingine hakufanyi. Mitandao ya kadi ina utaratibu wa kuwapelekea wauzaji namba mpya kadi ikibadilishwa, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Si kadi zote zimo, ndiyo maana wewe ulipona na mwenzako hakupona.

MzeeWaKona

Nilipona kwa sababu nilikuwa mkali.

BibiChaki

Marahaba mwanangu. Limeandikwa GOOGLE, halafu kinyota, halafu jina lao limekatwa katikati. Yaani hata jina wameshindwa kumalizia kwa haraka ya kukata. Na wanasema hawanijui!

FundiKimya

Kinyota hicho ndicho kinachoeleza kila kitu. Mjukuu hakujiunga kwao moja kwa moja, alijiunga kupitia duka la simu, Play Store. Anayekukata ni duka, wenyewe wanapewa chao baadaye. Kadi yako imehifadhiwa dukani, hao wa kochi hawajawahi kuiona. Binti akitafuta kwa namba yako hapati, kwa kadi hapati, kwa barua pepe yako ndiyo hapati kabisa, kwa sababu nina hakika kijana alitumia ya kwake. Lingekuwa jina lao tu bila hilo neno la mbele, ningekuambia uingie kwenye tovuti yao ukasitishe huko.

Na kuondoa aplikesheni ni sawa na kutupa redio ukidhani umefunga kituo. Malipo hayakai ndani ya simu.

Fungua Play Store. Juu kulia kuna kiduara chenye picha au herufi, kiguse. Kisha Malipo na usajili, kisha Usajili. Niambie unaona nini.

Kibiriti77

Nimekaa pale na stuli yangu.

BibiChaki

Nimefika. Hakuna kitu. Inaniambia sina usajili wowote.

HATA SIMU YANGU, NILIYOINUNUA MIMI, INANIAMBIA SINA!!! Ni yule binti kahamia humu ndani. Huna akaunti kwetu bibi. Bibiii.

Kibiriti77

Nimefariki.

Mama_Wawili

Hayo ya bibi ni madogo. Mimi nakatwa salio la simu kila siku kwa meseji za nyota. Eti "Leo bahati yako iko kaskazini." Sijawahi kujiunga. Natuma STOP, inajibu "umekosea neno." Natuma ONDOA, inajibu "karibu tena." Nani anisaidie?

Nusu_Nukta

Kaskazini umeenda lakini?

FundiKimya

Bibi, usifunge. Umeangalia kwenye akaunti yako, na kweli yako haina kitu. Rudi kwenye kile kiduara. Kina herufi gani?

BibiChaki

M. Yangu mimi.

FundiKimya

Kiguse, kisha uguse kimshale kilicho pembeni ya jina lako. Kama kijana hakuiondoa, ya kwake itajitokeza hapo chini. Ichague, kisha pita njia ile ile ya mwanzo.

BibiChaki

Ipo. Ina picha yake kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Nimewaona!!! Wako hapo, wamekaa kama wageni waalikwa, na tarehe ya mwezi ujao wameshaipanga. Na chini yao kuna kingine. Mchezo wa kujenga miji. Unalipwa na kadi hiyo hiyo, tarakimu nne za mwisho ni zangu!

Kumbe kile kidogo cha katikati ya mwezi, ambacho siku zote nadhani ni makato ya benki, ni mji wa mjukuu wangu.

DadaPembeni

Bibi ni mwekezaji wa majengo na hajui 😂

FundiKimya

Hilo la pili sikulitarajia, ila ndivyo inavyokuwa. Kadi ikishahifadhiwa kwenye akaunti ya mtu, inalipia chochote atakachonunua huko. Gusa wale wa kwanza, kisha Ghairi usajili. Itakuuliza sababu, chagua yoyote, haibadilishi kitu. Fanya hivyo na kwa huo mji. Ukimaliza, rudi nyuma uingie Njia za kulipa, uiondoe kadi. Usianze na kadi, duka linaweza kugoma kuiachia wakati bado kuna usajili unaoitegemea.

BibiChaki

Imeuliza kweli. Kwa nini unaondoka? Nilitaka kuandika insha. Nimechagua "Sababu nyingine" kwa hasira.

Imeghairiwa. Mji nao nimeubomoa. Kadi imetoka. Lakini mbona wale wa kochi wameandika kwamba nitaendelea kuangalia mpaka mwezi ujao? Wananing'ang'ania?

FundiKimya

Hapana, huo ni mwezi ulioulipia leo asubuhi, ni wako. Kughairi kunazuia malipo yajayo, hakurudishi yaliyopita. Ya leo unaweza kuomba yarudishwe hapo hapo dukani ukiwahi ndani ya saa 48, kwa kutumia akaunti ile ile ya kijana. Sikuahidi kwamba watakubali. Zile tatu za nyuma muda wake umepita, hizo unapaswa kuwaandikia wenye huduma.

BibiChaki

Yaani niwaandikie wale. Wale ambao sina akaunti kwao.

FundiKimya

Ndiyo bibi. Afadhali umsubiri kijana aandike kwa barua pepe yake, yeye wanamjua, na risiti zote zilikwenda kwake.

MzeeWaKona

Ndiyo maana nilisema benki. Benki wangemfungia huyo GOOGLE moja kwa moja.

FundiKimya

Wanaweza, Mzee, na kwa asiyeweza kabisa kuifikia akaunti hiyo ndiyo njia iliyobaki. Ila na yeye mwenyewe akija kununua kitu dukani kwa kadi hiyo, itakataliwa.

MzeeWaKona

Anunue nini? Mji mwingine?

Mama_Wawili

Jamani na mimi. Sasa hivi imeingia nyingine, "Epuka mtu mwenye jina linaloanza na F." FundiKimya, ni wewe?

Nusu_Nukta

Piga kwa mtandao wako wa simu, uombe wakufungie huduma zote za kulipia, siyo hiyo moja. Mimi walinitoa kwenye saba, moja ilikuwa ya nukuu za mahaba. Nimeoa miaka kumi na mbili.

Kibiriti77

Kwa hiyo nukuu zilifanya kazi.

Nusu_Nukta

Mke wangu ndiye aliyegundua makato, usicheke.

Mama_Wawili

Nimepiga. Kinanda dakika ishirini sasa.

BibiChaki

Ni kinanda kile kile, mwanangu? Tin-tin-tiiin, halafu kinaanza upya?

Mama_Wawili

Hicho hicho!!

BibiChaki

Akipokea wa sauti ya asali, muulize kama ana akaunti.

DadaPembeni

Bibi, pesa ya leo umeiomba irudi?

BibiChaki

Bado nafikiria. Nikiirudisha, si wataufunga na huu mwezi? Nimeipakua upya ile aplikesheni, nilipofungua ikakumbuka mpaka dakika niliyoishia. Hapo wananijua vizuri sana.

DadaPembeni

Kumbe! Sasa sema, ni ile ya mwanamke mwenye pacha? Mume wake wa kwanza amekufa kweli au anajificha?

BibiChaki

Usinimalizie. Niko sehemu ya 31.