Vyumba vya kupangisha Mtwara: mliojenga, tupeane uzoefu

Bi Ligula: Habari zenu. Nina kiwanja Mitengo, kimepimwa na hati ninayo. Nataka safu moja ya vyumba sita, vyoo viwili na bafu nje. Fundi kanitajia milioni 17 hadi watu wahamie. Chumba nimeweka 40,000 kwa mwezi. Mliojenga, hela yangu itarudi baada ya miaka sita kweli?

Korosho Safi: Kiwanja unakiuza bei gani?

Bi Ligula: Siuzi kaka, najenga.

Fundi wa Mikindani: Dada, milioni 17 inawezekana. Nilijenga safu ya namna hiyo Mangamba, vyumba vya futi 10 kwa 12, tofali za inchi sita kama 2,200 pamoja na msingi. Kufika lenta ilikula milioni 7, paa milioni 4, na 6 zilizobaki ni plasta, sakafu, milango, grili, shimo la choo na umeme. Kwa hiyo chumba kimoja ni milioni 2.8 hivi. Hizo 6 za mwisho ndizo watu wanazisahau. Boma linasimama, hela inaisha, mvua za Desemba zinaingia ukuta ukiwa wazi.

Ila miaka sita hapana. Vyumba sita kwa 40,000 ni 2,880,000 kwa mwaka, lakini hakuna mwaka vyote vinajaa miezi yote. Toa miezi miwili ya kukaa wazi, inabaki 2,400,000. Toa laki tatu za kunyonya shimo, vitasa na rangi, unabaki na 2,100,000. Gawa 17 kwa hiyo, unapata miaka minane.

Mzee wa Chuno: Achana na vyoo vya nje mwanangu. Mitengo kuna hospitali ya rufaa ya kanda, wauguzi wanataka masta. Jenga masta nne, 80,000 kila moja.

Fundi wa Mikindani: Mzee wangu, hapo una hoja, ila masta moja haipungui milioni 4.5, maana kila chumba kina choo chake, mabomba, na tangi la juu. Nne ni milioni 18. Ukitoa miezi ya kukaa wazi na matengenezo unabaki na 2,700,000, karibu miaka saba. Afadhali kidogo, ila maji yakikatika wiki nzima wa masta anahama, wa choo cha nje anachota ndoo.

Mama wa Chikongola: Kweli kabisa, maji ndiyo yanahamisha watu.

Njomba wa Shangani: Mimi mmenikumbusha baba mdogo, mpaka leo inaniuma. Mwaka 2013, gesi imepamba moto, kampuni moja ilimchukulia vyumba vyake vinane vyote kwa ajili ya wafanyakazi, 100,000 kila kimoja, ikalipa miezi sita mbele. Kila mtu Mtwara alikuwa anajenga wakati ule. Akaenda benki, akaweka hati ya nyumba aliyozaliwa, akaongeza vyumba kumi. Marejesho aliyapiga kwa hiyo laki moja. Bomba la kwenda Dar lilipokamilika 2015, kazi ikaisha na wale watu wakaondoka. Vyumba kumi na nane, wapangaji watatu. Akashusha mpaka 30,000 na bado havijai, maana jirani naye kashusha. Benki haikushusha. Nyumba ilipigwa mnada akiwa amekaa barazani, na shangazi ndiye aliyetoa vyombo.

Mama wa Chikongola: Pole sana njomba. Yule mzee yuko wapi sasa?

Njomba wa Shangani: Yuko kwangu. Vile kumi vimebaki, ndivyo vinavyomlisha, na wapangaji ni walimu na mafundi.

Korosho Safi: Kosa ni mkopo tu, siyo gesi.

Njomba wa Shangani: Kaka, kosa ni kupiga hesabu kwa bei ya mpangaji mmoja. Hata asingekopa, angesubiri miaka mingapi?

Korosho Safi: Asingenyang'anywa nyumba. Mimi nimejenga chumba kimoja kimoja kila msimu wa mnada wa korosho, sidaiwi na mtu.

Fundi wa Mikindani: Na msimu huo huo fundi na tofali vinapanda bei, kila mtu ana hela. Dada, nunua saruji na upige tofali Juni, Julai, zikauke.

Mzee wa Chuno: Mchanga achukue pwani, ni bure.

Fundi wa Mikindani: Hapana mzee! Chumvi inakula nondo za lenta, na plasta inatoka unga mweupe mwaka wa pili. Mchanga wa mtoni, ulipie.

Mzee wa Chuno: Ukioshwa na mvua unafaa, sisi tulijengea.

Fundi wa Mikindani: Nyumba zenu zilikuwa za udongo na miti, hazina nondo.

Bi Ligula: Basi nauliza tena: nianze na vyumba viwili vya masta nione, au msingi wa vyote sita kwanza?

Mama wa Chikongola: Msingi wote.

Korosho Safi: Viwili, vianze kulipa.

Fundi wa Mikindani: Msingi wote, halafu pandisha viwili hadi bati. Na shimo la choo lichimbwe sasa kwa ukubwa wa vyumba vyote.