Tumeshinda bahati nasibu watu watano kijiweni, michango haikuwa sawa, tunagawanaje? (Mtwara)

Mtoto wa Chuno:
Wakuu habarini. Niko Mtwara mjini, leo siku ya nne silali vizuri. Kijiweni kwetu tupo watano, kila wiki tunachangishana tunakata tiketi za bahati nasibu, tiketi moja buku. Kuna mimi, kuna fundi pikipiki mtu mzima tunamwita mzee, dada wakala wa miamala, mama anayeuza chai na ming'oko ya kuchemsha, na dogo mmoja wa boda. Kila mtu anatoa alichonacho, laini inayocheza ni yangu. Jumamosi tumepiga. Kodi imekatwa hukohuko, kwenye akaunti yangu imeingia milioni 9.

Wiki ile mimi nilitoa 4,000, mzee 3,000, dada 2,000, mama 1,000. Dogo wa boda hakutoa. Sasa dogo anadai tugawane sawa kwa sawa, 1,800,000 kila mmoja. Mi naona kila mtu ale kwa jasho la mfuko wake. Nishaurini, maana maneno yameanza kuwa mengi.

Sauti ya Newala:
Ndugu yangu hela ya kamari haina baraka, ungeuliza namna ya kutubu ungepata majibu mazuri zaidi. Baba yangu mdogo alishinda redio kwenye bahati nasibu ya shule, ndugu wakagombana miaka miwili kwa redio tu.

Kijana wa Ligula:
Mkuu asiyetoa hana chake, funga uzi. Halafu mpelekee mama wa ming'oko salamu zangu, mwambie na mi nipo njiani na chumvi.

Binti Mchinga:
Kaka mi kuna kitu sikielewi. Mtu hajatoa hata mia, anapata wapi uso wa kudai milioni na laki nane mbele ya watu wazima? Huyo dogo ana neno analisimamia na wewe hujaliandika hapa.

Mtoto wa Chuno:
Dada anasimamia kwamba sisi ni kundi moja tangu mwezi wa saba. Basi.

Mhasibu wa Ghala:
Mtoa mada habari. Mi nimeandika vitabu vya chama cha msingi misimu mingi, naomba unijibu mambo mawili kabla watu hawajakugawia hela. Hizo 10,000 ndizo zilizokata tiketi zote za wiki ile? Na ushindi mdogo mdogo wa nyuma mlikuwa mnaupeleka wapi? Makundi ya namna hii huwa yana kahela kamebaki kwa mtu.

Mtoto wa Chuno:
Ni kweli kuna kitu, niliona kidogo sikutaja. Wiki mbili nyuma tulishinda 20,000, wiki hiyo wote watano tulikuwa tumetoa sawa, buku mbili mbili. 15,000 tukala supu ya pweza, 5,000 ikabaki kwa dada wakala. Jumamosi akaiongeza. Kwa hiyo tiketi zilikuwa 15 sio 10. Ila iliyoshinda nina uhakika ni katika zile kumi za mwanzo, nilizikata mwenyewe asubuhi, zile tano dada alinitumia hela mchana.

Mhasibu wa Ghala:
Hapo ndipo watu wengi wanapotelea. Huku kwetu tangu stakabadhi ghalani ianze msimu wa 2007/2008, wewe ukileta kilo 80 za korosho na jirani akaleta kilo 300 za daraja hilohilo, zinaingia ghala moja zinauzwa mnadani pamoja. Hakuna mkulima anayekuja kusema gunia langu ndilo lililopendwa na mnunuzi. Unalipwa kwa kilo zako, bei moja. Tiketi zenu ni hivohivo. Kama hamkukubaliana KABLA ya droo kwamba tiketi hii ya fulani na ile ya fulani, zote 15 ni za chungu kimoja. Asubuhi na mchana hazina maana yoyote.

Kwa hiyo dogo hata akiwa hakutoa senti wiki hiyo, ana buku yake ndani ya ile 5,000. Hayupo sifuri.

Nahodha wa Mikindani:
Wakuu mnapoteza bando. Akaunti ya mtoa mada ina wiki mbili humu, milioni 9 kavu haina hata sumni juu, supu ya pweza, ming'oko, yaani kaweka kila kitu cha Mtwara ili tumuamini. Hii ni stori ya kutunga. Kesho atakuja kusema hela imekwama, changieni ada ya kuitolea.

Kijana wa Ligula:
Kumbe! Mi nilishangaa. Shemeji yangu Masasi alipigiwa simu ameshinda, akaambiwa atume 50,000 ya kodi kwanza, akatuma mara tatu.

Mtoto wa Chuno:
Sijaomba hela ya mtu na sitaomba. Iliyoingia ni milioni 9 na ushee, nimekata ushee ili mnielewe. Na kodi sikutuma popote, ilishatolewa ndio hela ikaja. Nahodha kama huna ushauri pita.

Binti Mchinga:
Hilo la kodi ni kweli, kwenye mchezo wenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha mwendeshaji ndiye anayekata na kupeleka, mshindi hatumi kitu. Ukiona unaambiwa utume kwanza ujue ni wizi. Ila kaka narudi palepale. Dogo alikwambia nini wiki ile? Nionyeshe meseji.

Mtoto wa Chuno:
Dada mbona unanikaba mimi. Haya. Ijumaa usiku alinitumia hivi, naandika kama ilivyo: "bro niwekee mbili kesho sijapata abiria ntakupa jioni". Nikamjibu "poa". Kwa hiyo ile 4,000 yangu, 2,000 niliweka ya kwake. Lakini jioni hakunipa! Na droo ikapita hajanipa. Mtu kanipa baada ya kusikia tumeshinda, Jumapili asubuhi kaja na noti mbili za buku kazishika mkononi zimelowa jasho, nikakataa kuzipokea. Mi nahesabu hakuwemo.

Sauti ya Newala:
Sasa ndio umeandika ukweli.

Kijana wa Ligula:
Mi bado nasimama na mtoa mada. Meseji sio mkataba, hakuna maandishi yenye sahihi, hakuna shahidi. Mahakamani hana kitu yule.

Mwanafunzi wa Sheria:
Kaka hapo umepotoka kidogo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura 345, haisemi makubaliano lazima yaandikwe na kusainiwa. Ya mdomo yanatambulika, tabu yake ni kuyathibitisha, na hapa ushahidi upo kwenye simu ya mtoa mada mwenyewe. Kuna kesi ya Uingereza ya 1955, Simpkins dhidi ya Pays. Bibi mwenye nyumba, mjukuu wake na mpangaji walikuwa wanashiriki shindano la gazeti kila wiki kwa jina la bibi, na gharama za posta alilipa huyu au yule bila utaratibu. Wakashinda pauni 750, bibi akasema kuponi ina jina langu. Mahakama ikampa mpangaji theluthi yake. Hakimu wetu halazimiki kuifuata, ila inaonyesha jina kwenye kuponi au laini ya simu sio mwisho wa habari.

Lakini pale walikuwa wameshakubaliana kugawana sawa. Nyie mlikubaliana nini? Na kulipiana kulikuwa ni kawaida yenu au dogo ndiye wa kwanza?

Mtoto wa Chuno:
Kugawana hatukuwahi kuongea, nani alijua tutashinda. Kulipiana kulikuwepo. Mimi mwenyewe dada wakala ameniwekea mara mbili nilipokuwa Nanyamba msibani, nikamrudishia baada ya siku tatu nne.

Binti Mchinga:
Na wiki hizo mbili mngeshinda kabla hujamrudishia, ungekubali kuambiwa hukuwemo?

Mhasibu wa Ghala:
Swali la Binti ndilo jibu lenyewe. Desturi ya kundi ilikuwa mtu akisema niwekee na mwenzake akasema poa, yumo, na anadaiwa. Wewe ulimkopesha dogo 2,000, hukununua nafasi yake. Ungejibu "sina" Ijumaa ile ingekuwa habari nyingine kabisa.

Hesabu sasa. Chungu ni 15,000, ushindi milioni 9, kila buku moja imezaa 600,000. Ile 5,000 ya zamani ni buku moja kila mtu kwa sababu wiki ile mlitoa sawa. Basi mzee ana 3 na 1, buku nne, 2,400,000. Dada ana tatu, 1,800,000. Mama ana mbili, 1,200,000. Wewe 2 zako na 1, tatu, 1,800,000. Dogo naye tatu, 1,800,000, akulipe na deni lako la 2,000. Jumlisha uone kama haifiki 9.

Mtoto wa Chuno:
Inafika. Lakini mkuu kuna tatizo lingine, kuna hela imeshatoka. Jumatatu nilishampa mzee 2,700,000 na mama 900,000 kwa hesabu yangu ya kwanza ya ile elfu kumi. Na mimi nimetoa 1,500,000 nikakomboa mikorosho ya marehemu baba kule Nanyamba, ilikuwa rehani misimu mitatu mtu mwingine anaokota. Nilijua yangu ni 3,600,000. Mnielewe, sikuiba, ile mikorosho mama yangu alikuwa anapita pembeni anageuza uso.

Sauti ya Newala:
Hapo kwenye rehani umenigusa. Sisi tulipoteza miti 40 hivohivo kwa deni la ada ya shule, hadi leo haijarudi. Mungu akusitiri kaka, ila usiikomboe kwa hela ya mwenzio.

Mhasibu wa Ghala:
Hajaikomboa kwa hela ya mwenzie, 1,500,000 ipo ndani ya 1,800,000 yake. Kimebaki 3,900,000 kwenye akaunti. Dada 1,800,000, dogo 1,800,000, hapo imebaki 300,000. Mama alipewa pungufu 300,000, mpe hiyo leo. Yako 300,000 ipo kwa mzee, maana yeye alizidishiwa kiasi hichohicho. Kosa la kugawa haraka ulifanya wewe kwa hiyo wa kusubiri ni wewe. Mama asisubiri.

Nahodha wa Mikindani:
Hesabu imekaa vizuri mno, ndio maana nasema ni ya kutunga. Hata hivyo mi ningegawa sawa yaishe, mkae kijiweni kwa amani.

Mwanafunzi wa Sheria:
Sawa kwa sawa inawezekana wote watano wakiridhia. Mzee ndiye anapoteza hapo, 600,000, sasa nani atamwambia? Chochote mtakachokubali kiandikeni karatasi moja, majina matano, kiasi alichopokea kila mtu, sahihi.

Mtoto wa Chuno:
Wakuu narudi usiku huu. Dada nimemtumia yake, mama nimempelekea 300,000 mkononi, alikuwa anamenya ming'oko akaziweka chini ya sinia bila kuhesabu. Mzee kagoma, anasema ulinipa mwenyewe nikasema asante, na pikipiki ya mtu ameshainunulia injini. Dogo simu yake haipatikani toka jana, wenzake wanasema amepeleka abiria Tandahimba. Hela yake ipo sijaigusa. Karatasi nimeandika, ina sahihi tatu.