Naomba ushauri: mavuno hadi kuiva ya hatifungani inayouzwa 92

Mgeni_Sokoni: Wanajukwaa, nawasalimu. Dalali amenitajia hatifungani ya serikali iliyobakiza miaka 5, yenye kuponi ya asilimia 10 kwa mwaka inayolipwa kila miezi 6, kwa bei ya 92 kwa kila 100. Nimeona watu wakikokotoa mavuno hadi kuiva kwa njia mbili zenye majibu tofauti: fomula ya makadirio, na kujaribu viwango hadi bei ilingane. Nitumie ipi?

Kibindo: Gawanya 10 kwa 92, unapata asilimia 10.87. Hakuna zaidi.

Mzee wa Leja: Ndugu Kibindo, hayo ni mapato ya kuponi peke yake, nawe umeziacha 8 atakazoongezewa hatifungani ikiiva. Fomula ya makadirio huzigawa kwa miaka 5, yaani 1.6 kwa mwaka, huzijumlisha na kuponi kupata 11.6, kisha hugawa kwa wastani wa 92 na 100, ambao ni 96. Jibu ni asilimia 12.08.

Kwa kujaribu, Mgeni, chukua malipo 10 ya 5 kila moja pamoja na 100 ya mwisho, uyarudishe kwenye thamani ya leo. Anza na asilimia 6 kwa nusu mwaka, iliyo karibu na nusu ya makadirio: unapata 92.64. Bei hiyo imezidi, basi pandisha kiwango, kwa sababu kiwango kikipanda bei hushuka. Kwa 6.1 inakuwa 91.94. Jibu limo katikati, karibu zaidi na 6.1, ukigawa pengo kwa uwiano unapata 6.09, ambayo mara mbili ni asilimia 12.18. Kwenye Excel hakiki hivi:

```
=RATE(10,5,-92,100)*2
```

Binti Lamu: Mimi ninayo ya miaka 20, kuponi ni hiyo hiyo 10, na bei ni 70. Fomula imenipa 13.53. Je, niuze?

Mzee wa Leja: Kuuza au kutouza ni suala jingine, dada, lakini usiitegemee hiyo 13.53, kwani kwa kujaribu inafika takriban 14.68. Fomula huchukulia kwamba fedha yako iliyomo ni 85 kwa wastani, ilhali thamani yake hubaki karibu na 70 kwa miaka mingi na kupanda kwa kasi mwishoni tu. Ukigawa kwa namba kubwa kupita kiasi, mavuno huonekana madogo. Kwa muda mfupi na bei iliyo karibu na 100 kosa hilo ni dogo, kama ulivyoona kwa Mgeni.

Kibindo: Kuna wanaogawa kwa asilimia 60 ya bei na 40 ya thamani ya kuiva. Kwa Mgeni inatoa 12.18 kamili!

Mzee wa Leja: Kweli, lakini kwa Binti Lamu inatoa 14.02, bado iko chini. Mgeni, hiyo 92 inajumuisha riba iliyolimbikizwa tangu kuponi ya mwisho? Kama inaijumuisha, hesabu zangu zote zinabadilika.

Mgeni_Sokoni: Nimemuuliza dalali, bado hajanijibu.