Shemeji aniuzia asilimia 30 ya kampuni ya malori, hesabu zasema EBITDA milioni 20. Nisaidieni kuisoma

BintiKongowea

Assalam aleikum ndugu zangu. Shemeji yangu ana kampuni ya kubeba makontena kutoka bandari ya Kilindini hadi Nairobi, na mara nyengine hufika Malaba. Ana malori manane na uwanja wa kuegesha kule Miritini. Ataka niingie ubia kwa asilimia 30, bei shilingi milioni 24. Pesa hizo zatokana na shamba la marehemu baba tulilouza Mtwapa na si zangu peke yangu, tuko ndugu watatu. Ndiyo maana nataka kuelewa kila mstari kabla sijatia saini.

Amenipa hesabu za mwaka uliopita. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, imeandikwa EBITDA 20,000,000. Aniambia kampuni za usafiri huuzwa kwa mara nne ya hiyo, basi yake ni milioni 80, na asilimia 30 ya hapo ni milioni 24. Kuzidisha kwake ni sawa. Lakini nikifika chini kabisa naona faida baada ya kodi ni 4,200,000. Vipi kampuni moja iwe na faida mbili zilizoachana namna hii? Hiyo EBITDA ni nini, na imeacha nini nje?

Msafirishaji_Jomvu

Dada, EBITDA ndiyo pesa yenyewe iliyoingia. Ile ya chini imepunguzwa na mambo ya wahasibu ya makaratasi. Mimi niko kwenye usafiri, na benki ikija kunikopesha huangalia hiyo hiyo. Milioni 20 kwa malori manane si haba. Hata hiyo mara nne si bei ya kuibiwa.

MamaSwaleh_Likoni

Kama wanahesabu kabla ya kodi, maana yake hawalipi kodi? Jihadhari mwanangu. Ukiwa mbia, watu wa KRA watakujia na wewe.

Mhasibu_Makupa

Mama Swaleh, kodi yalipwa, ila haijatolewa bado kwenye mstari ule. Hilo si kosa.

Dada, herufi hizo ni za maneno ya Kiingereza, na zasema hivi: faida kabla ya kutoa riba ya mikopo, kodi ya mapato, uchakavu wa mali za kushikika kama malori, na upungufu wa kila mwaka wa thamani ya mali zisizoshikika kama leseni na programu za kompyuta. Kwa kampuni ya malori hicho cha mwisho huwa kidogo, tukiache. Ujue pia kwamba viwango vya kimataifa vya uhasibu havikuipa EBITDA maana rasmi, kwa hivyo kila kampuni huikokotoa inavyoona. Mwenye hesabu ndiye anayeamua nini kiwe juu ya mstari na nini kiwe chini.

Tafadhali tuandikie yaliyo kati ya milioni 20 na 4.2. Kisha fungua mizania utuambie mkopo wa benki uliobaki ni kiasi gani, na wateja wanadaiwa ngapi, mwaka huu na mwaka uliotangulia.

BintiKongowea

Ahsante sana. Mapato ya mwaka ni 96,000,000. Dizeli, madereva, matairi, bima na mengineyo ni 76,000,000, ndipo ikabaki 20. Kisha uchakavu 8,000,000, riba 6,000,000, kodi 1,800,000. Mkopo uliobaki ni 38,000,000. Wateja wanadaiwa 22,000,000, na mwaka wa nyuma walikuwa wanadaiwa 14,000,000.

Mhasibu_Makupa

Sasa twaweza kuzungumza. Naanza na bei, kwa sababu hapo ndipo utakapoumia kwanza.

EBITDA haijatoa riba. Kwa hivyo ukiizidisha mara nne, unachopata ni thamani ya biashara nzima, ya wenye hisa na ya benki pamoja. Benki yadai milioni 38, nayo hulipwa kabla ya mwenye hisa yeyote. Toa 38 kwenye 80, zabaki 42 za wenye hisa. Asilimia 30 ya 42 ni milioni 12.6. Shemeji yako amekuuzia sehemu ya deni lake kwa bei ya mali. Huenda hakukusudia, wafanyabiashara wengi huisikia hiyo "mara nne" mahali wakaichukua hivyo hivyo.

La pili ni hili la kusema EBITDA ndiyo pesa iliyoingia. Kaka wa Jomvu, hapo sikubaliani nawe. Wateja walikuwa wanadaiwa 14, sasa 22. Hizo milioni 8 zimo ndani ya mapato ya 96 kwa kuwa ankara zilitolewa, lakini hakuna aliyezilipa. Basi katika 20, zilizoingia benki ni kama 12. Toa riba 6, zabaki 6. Toa kodi 1.8, zabaki 4.2. Na bado hatujalipa mkopo wenyewe, kwa maana marejesho ya mkopo hayaonekani kwenye EBITDA wala kwenye faida ya mwisho. Hayo ni kupunguza deni, si gharama. Dada, angalia kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, sehemu ya ugharimiaji, marejesho ya mwaka huo yalikuwa ngapi.

BintiKongowea

Imeandikwa marejesho ya mkopo 9,500,000.

Mhasibu_Makupa

Basi 4.2 toa 9.5, ni upungufu wa milioni 5.3. Katika mwaka wenye EBITDA ya milioni 20 kampuni haikujitosheleza kwa pesa mkononi. Muulize alizibaje pengo hilo: kwa akiba, kwa kuchelewesha kuwalipa wauza dizeli, au kwa mkopo mwengine. Hilo litakuonyesha kwa nini atafuta mbia sasa hivi.

Msafirishaji_Jomvu

Hilo la wateja nakukubalia, ndugu yangu. Maajenti wa mizigo hapa mjini hukaa na ankara miezi miwili, mitatu, na huwezi kuwagombeza kwa sababu kazi ya kesho yatoka kwao. Lakini kwenye uchakavu nabaki na msimamo wangu. Ni karatasi. Hakuna siku hata moja uliyomwandikia uchakavu hundi.

FundiWaChangamwe

Mimi natengeneza malori, acheni niseme la upande wangu. Hundi hiyo huandikwa, ila huandikwa mara moja kwa kishindo. Lori la kontena likitoka hapa limeshiba, lapanda Mariakani, lapanda Mazeras, klachi na breki zinaliwa. Ukilihudumia vizuri laenda miaka mingi, ukilikimbiza bila sevisi laisha upesi. Hayo malori manane yana umri gani? Kama yote yalinunuliwa pamoja, yatachoka pamoja.

Mhasibu_Makupa

Fundi amegusa penyewe. Uchakavu wa milioni 8 kwa mwaka ni sawa na kusema malori ya jumla ya milioni 64 yanaisha kwa miaka minane, yaani ununue lori moja kila mwaka ili ubaki na manane. Kampuni ya ushauri, isiyo na mali nzito, yaweza kuuchukulia uchakavu kama kitu kidogo. Kampuni ya malori haiwezi, kwa kuwa lori ndilo biashara. EBITDA yazungumza kana kwamba malori ni ya bure na hayachakai.

Swali la haki hapa ni iwapo miaka minane ni mingi mno au ni michache. Hilo silijui kutoka Makupa, na ndilo la kumpelekea fundi akayaone.

FundiWaChangamwe

Yakitunzwa, minane ni michache. Nimeona yakifika hata kumi na mitano.

Msafirishaji_Jomvu

Kumi na mitano kwa jina tu. Mwisho wake yashinda gereji kuliko barabarani.

BintiKongowea

Ahsanteni nyote. Nimerudi kusoma maelezo ya nyuma ya hesabu, yale ya maandishi madogo. Kwenye jedwali la mali kuna mstari "Ukarabati wa injini na giaboksi 3,600,000" umeongezwa kwenye thamani ya malori. Ni kawaida?

Mhasibu_Makupa

Umefanya vyema kufika huko, watu wengi huishia ukurasa wa kwanza. Ukarabati ukiandikwa kama gharama ya mwaka, unakaa juu ya mstari na EBITDA yashuka. Ukiandikwa kama nyongeza ya mali, unauruka mstari ule na kurudi baadaye chini yake kama uchakavu, na uchakavu EBITDA haiuoni. Pesa ni ile ile na gereji ni ile ile, lakini kwenye EBITDA imetoweka kabisa.

Huko Marekani kampuni ya simu ya WorldCom ilifanya namna hiyo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 2002 ilibainika kwamba zaidi ya dola bilioni 3.8 za gharama za kawaida za kutumia laini za kampuni nyengine ziliandikwa kama ununuzi wa mali, na EBITDA ikaonekana nzima. Mwezi Julai mwaka huo huo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Simfananishi shemeji yako na hao. Kiwango cha IAS 16 chakubali kubadilisha sehemu kubwa ya mtambo kuongezwe kwenye mali, mradi ile sehemu ya zamani iondolewe hesabuni. Injini mpya yaweza kuingia hapo. Kufungua injini na kubadili ringi na gasketi, mimi singeikubali. Omba ankara za gereji uone kilichofanyika. Kama ni matengenezo ya kawaida, EBITDA ni 16.4. Mara nne ni 65.6, toa deni 38 zabaki 27.6, na asilimia 30 yake ni kama milioni 8.3.

HesabuNyali

Samahani Mhasibu, nakubaliana nawe isipokuwa jambo moja ambalo hakuna aliyeliuliza. Hizo milioni 24 zaenda wapi? Kama shemeji anauza hisa zake mwenyewe, pesa yaingia mfukoni mwake na kampuni yabaki na deni lake la 38. Kama kampuni yatoa hisa mpya, pesa yaingia kwenye kampuni na yaweza kupunguza deni. Hapo hesabu ni nyengine: thamani ya 42 ukaongeza 24 ni 66, na 24 kati ya 66 ni zaidi ya asilimia 36. Kwa njia ya pili dada angestahili zaidi ya 30 anazopewa, hata kwa hesabu za shemeji bila kugusa ule ukarabati.

Mhasibu_Makupa

Sahihi kabisa, na nilipaswa kuanzia hapo. Pia uliza kama shemeji ajilipa mshahara. Mwenye mali akiendesha ofisi bila mshahara, gharama hiyo haimo kwenye zile 76, na siku akimwajiri meneja EBITDA itashuka kwa kiasi cha mshahara huo.

BintiKongowea

Mshahara sijauona popote, na dada yangu ndiye anayeshika vitabu pale ofisini bila kulipwa. Kuhusu pesa kwenda wapi, mkataba wa rasimu wasema "ununuzi wa hisa" tu. Nimemtumia ujumbe nikamuuliza ni hisa zake au ni hisa mpya, nikaomba taarifa za benki za mwaka mzima, ankara za gereji na vitabu vya malori vyenye mwaka wa kila moja. Amejibu kuhusu vitabu, atanipa Jumatatu. Hayo mengine bado. Fundi, ukipata nafasi twaweza kwenda Miritini pamoja?

FundiWaChangamwe

Jumanne asubuhi, kabla hayajatoka kwenda kupakia. Mwambie asiyaoshe.